Una usaili wa Zoom? Blauzi nyeupe iache kabatini

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, shikamoo. Jumatatu nina usaili wa Zoom, nimeshanunua blauzi nyeupe na nimeipiga pasi. Itafaa?" Nilimjibu palepale kwamba asiivae. Halafu usingizi ukanipaa, maana swali hilo miaka mitatu iliyopita ningemuuliza mtu, sasa hivi ningekuwa nazungumza habari nyingine.

Nafundisha Kiswahili kwa wageni kupitia mtandao. Kazi ya kwanza niliyoiomba ilikuwa ya shule moja ya lugha iliyoko nje, na sehemu ya usaili ilikuwa kufundisha somo fupi huku wanakurekodi. Nilijiandaa wiki nzima. Nilikwenda Kariakoo nikanunua blauzi nyeupe, kitambaa kizuri, nikijiambia nyeupe ni rangi ya ofisini. Nikakaa sebuleni kwetu Tabata, nyuma yangu ukuta mweupe uliotoka kupakwa rangi, na pembeni yake dirisha lililoachwa wazi kwa sababu ya joto. Dakika ya kwanza tu mmoja wao akasema: "Samahani, hatukuoni vizuri, unaweza kuwasha taa?" Taa ilikuwa inawaka. Akauliza tena baada ya dakika kumi. Nilikosa kazi. Waliponitumia ile rekodi ndipo nilipoelewa: blauzi ilikuwa inang'aa, ukuta unang'aa, uso wangu umekuwa kivuli. Siku ile nilikuwa nafundisha kutamka ng' ya ng'ombe, na mdomo wangu hauonekani. Mwanafunzi angejifunza nini hapo? Roho inaniuma mpaka leo, kwa sababu somo nilikuwa nalijua.

Sasa nisikilize vizuri, maana wengi hudhani tatizo ni kamera mbovu au ni weusi wa ngozi yao. Si hivyo. Kamera ya kompyuta haijui kwamba wewe ndiye muhimu kwenye picha. Kwa kawaida inapima mwanga wa picha nzima, kisha inautafutia wastani. Ikikuta nyeupe nyingi, yaani blauzi, ukuta na dirisha, inaona mwanga umezidi, kwa hiyo inaipunguzia mwanga picha yote. Nyeupe inatulia kidogo, lakini uso uliokuwa na rangi ya kahawia nzuri unashuka mpaka gizani. Ukivaa nyeusi tupu mbele ya pazia jeusi inafanya kinyume: inapandisha mwanga, uso unapauka, paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta, na shingo inapotelea kwenye nguo. Kwa hiyo wewe mwenye ngozi nyeusi, unachotafuta ni nguo na ukuta visivyoizidi ngozi yako kwa mbali, juu wala chini.

Baada ya kukosa kazi ile nilifanya jaribio ambalo nakuomba ulifanye kabla ya Jumatatu. Nilifungua mkutano wa Zoom kwenye kompyuta, kisha nikaingia mkutano huohuo kwa simu, kama mgeni, nikiwa nimezima maikrofoni na sauti ya simu ili zisipige kelele. Simu ndiyo inakuonyesha wanachokiona wao. Nikapanga nguo kwenye kiti, nikawa nazibadilisha moja moja bila kuhama nilipokaa.

Nyeupe, uso ukazama. Nikavaa blauzi ya damu ya mzee, na kabla sijagusa taa nikaona macho yangu, nikaona hata kovu dogo la kwenye nyusi. Bluu iliyoiva ilifanya vilevile, na kijani cha chupa pia. Njano kali ilinishangaza: uso ulionekana, lakini chini ya kidevu kukawa na unjano, kwa sababu nguo kali iliyo karibu na uso hurudisha rangi yake kwenye ngozi. Mwisho nikajaribu shati la mume wangu lenye mistari myembamba. Nikivuta pumzi tu, mistari inatambaa kama mawimbi. Macho yangu yalikuwa sawa. Mistari ilikuwa imesongamana kuliko vitone vya picha vinavyoweza kuichora, kwa hiyo kamera inazua michoro isiyokuwepo. Vivyo hivyo kwa drafti ndogondogo. Kitenge chenye maua makubwa hakina shida hiyo. Chenye nukta ndogo za kusongamana, kiache kwa ajili ya harusi.

Shingo ya blauzi nayo iangalie kwenye simu, usiiangalie kwenye kioo cha kabati. Picha inakukatia kifuani, kwa hiyo blauzi ya mabega wazi, ambayo ukisimama ni ya heshima kabisa, pale inaonekana kama hukuvaa kitu. Kola, au shingo ya V isiyoshuka sana, inatosha. Na anayejifunga hijabu nyeusi asikae kwenye kiti cheusi chenye mgongo mrefu, kichwa na kiti vitakuwa kitu kimoja.

Nyuma yangu sasa kuna pazia la rangi ya udongo, halina ua wala mstari. Kabla yake nilitundika kanga, nikiamini inafaa kwa mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wakawa wanasoma jina la kanga badala ya kunisikiliza. Nikaitoa. Ninakaa hatua mbili mbele ya pazia ili kivuli changu kisiangukie juu yake, na dirisha sasa liko mbele yangu, nyuma ya kompyuta. Ukifanya hilo la dirisha peke yake, umemaliza nusu ya kazi.

Kuna wanaoniambia, "Si uweke tu picha ya ofisi nyuma?" Mimi siiweki. Programu inabahatisha mwili wako unaishia wapi, na ikiwa mwanga ni hafifu au nguo inafanana na ukuta, inakosea. Ilinikata kilemba pembeni, ikamega nywele. Nilipoinua kitabu nimwonyeshe mwanafunzi neno, kitabu kikatoweka mkononi. Anayekuajiri ataangalia kilemba kinachopotea na kurudi badala ya kukusikiliza. Pazia safi la dukani halikosei.

Na usidhani mitambo itakuokoa. Kwenye Zoom, ndani ya Settings, upande wa Video, kuna sehemu ya Adjust for low light. Inasaidia jioni, lakini ukiitumia ukiwa na dirisha nyuma, dirisha linazidi kuwaka na picha inajaa chengachenga. Kwanza geuza kiti. Jamani, geuzeni viti! Watu wanakopa hela ya kununua taa za duara ilhali jua la saa nne asubuhi liko bure dirishani.

Mwezi uliopita nilifanya usaili mwingine, wa somo la kurekodiwa kama lile la kwanza. Damu ya mzee, pazia la udongo, dirisha mbele, kompyuta juu ya vitabu vinne ili kamera ilingane na macho. Hakuna aliyetaja taa. Nilipofika kwenye ng' ya ng'ombe, mmoja wa wasaili alisogea kwenye kioo chake, akanitazama mdomo, akajaribu kuitamka. Nimeanza kazi wiki iliyopita.

Kwa hiyo dada yangu wa Jumatatu, blauzi hujaipoteza. Tafuta koti la bluu iliyoiva au la damu ya mzee, livae juu yake, ufunge vifungo mpaka nyeupe ibaki kidogo tu shingoni. Halafu ingia na simu, ujitazame.