Fundi Anauliza: Randa Mpya, ya Mtumba au ya Karadha?

Mimi ni seremala wa Keko. Kila mwezi nalipa kama shilingi 240,000 kupigisha randa mbao zangu kwa jirani mwenye mashine. Mpya nimetajiwa 5,400,000, ya mtumba 2,800,000. Ninunue ipi? – Seremala, Dar es Salaam

Ndugu yangu, hiyo 240,000 ndiyo uanzie nayo, maana ndiyo pesa ambayo mashine itakuokolea. Toa humo gharama ambazo zitahamia kwako: umeme, kunoa visu, beringi na mkanda. Kwa kazi ya kiwango chako nakadiria 70,000 kwa mwezi kwa mashine mpya. Inabaki 170,000, kwa hiyo 5,400,000 yako itarudi baada ya miezi 32 hivi.

Ya mtumba usiihesabu kwa bei ya muuzaji peke yake. Tenga 400,000 ya kubadilisha beringi, visu na swichi wiki ile ile ya kwanza, ifike 3,200,000. Matunzo yake nayo ni makubwa zaidi, tuseme 95,000 kwa mwezi. Unaokoa 145,000, na pesa yako inarudi baada ya miezi 22.

Kwa hesabu hiyo mtumba unashinda, lakini kinachonifanya nikushauri uchukue mtumba ni huyo jirani. Mashine yako ikilala siku tatu ikisubiri kipuri, utabeba mbao zako kwake kama ulivyozoea, na kabati la mteja litatoka kwa wakati. Seremala ambaye mashine ya karibu naye iko kilomita 40 hana nafuu hiyo. Siku tatu za kulala kwake ni oda iliyovunjika na malipo ya awali ya kurudisha. Huyo ningemwambia akaze mkanda anunue mpya, kwa muuzaji mwenye fundi na vipuri.

Tena angalia madaftari yako ya miezi iliyopita. Kama malipo ya randa huwa yanashuka hadi 120,000, ya mtumba itakuokolea 25,000 tu kwa mwezi, na pesa yako itakaa zaidi ya miaka kumi bila kurudi. Hapo endelea kupigisha kwa jirani bila aibu yoyote. Na pesa ya mafundi wengine watakaokuja kupigisha kwako usiiweke kwenye hesabu mpaka waje.

Nimepata randa ya mtumba, kwa macho inaonekana nzima, imepakwa rangi vizuri. Nitajuaje haijachoka? – Fundi samani, Morogoro

Rangi mpya kwenye mashine kuukuu ni sababu ya kuikagua mara mbili. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kwa sababu beringi mbovu na mota dhaifu hujionyesha vizuri zaidi mashine ikianza kazi ikiwa baridi.

Kabla ya kuwasha, chomoa umeme kabisa. Shika mhimili wa visu mbali na makali, ujaribu kuuinua juu na chini, kisha kuusukuma upande kwa upande. Mhimili ukicheza, beringi zimekwisha au, vibaya zaidi, nyumba zake zimelika. Beringi si tatizo. Soma namba yake; kama ni 6205 au 6206, hizo zinauzwa kila mahali. Nyumba iliyolika inahitaji kazi ya kukereza, na hiyo ni bei nyingine. Pitisha jicho kwenye meza na fremu pia. Chuma cha kusubu kilichopasuka kikaungwa kwa kuchomelea mara nyingi hupasuka tena pembeni ya kiungo, kwa sababu ya mtetemo. Ukiona mshono wa namna hiyo, aga uondoke.

Sasa iwashwe, ifanye kazi bila mbao kwa dakika 20. Mlio wa kukwaruza unaopanda polepole ni wa beringi. Izime, isubiri isimame, chomoa, uguse nyumba za beringi: joto la kawaida halina shida, lakini kama huwezi kuacha mkono hapo, kuna kasoro. Kama mota ni ya fezi tatu, nenda na fundi umeme mwenye mita ya kubana waya apime kila waya mashine ikizunguka. Usomaji wa nyaya zote tatu unapaswa kukaribiana. Mmoja ukitofautiana sana na wenzake, na umeme unaoingia uko sawa, mota imeungua au imesukwa vibaya.

Jaribio la mwisho ni mbao. Nenda na kipande chako mwenyewe cha mninga, kipana kadiri mashine inavyomeza, maana muuzaji atakupa msonobari laini ambao hata visu butu vinaupita. Kipitishe, kisha pima unene wa kingo zote mbili kwa venia. Zikitofautiana, huenda visu vimefungwa vibaya, na hilo linarekebishika. Waombe wavifunge upya, urudie. Tofauti ikibaki pale pale, meza haiko sambamba na mhimili. Uliza kama ina skrubu za kurekebisha, na waoneshe kwa vitendo.

Ukikubali, andikianeni mkataba wenye namba ya mashine, mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa. Mashine za wizi huzunguka pia.

Hizi randa za mtumba zinazotoka Japani zina bei nzuri. Kuna ubaya? – Kijana wa Mwanza

Nyingi ni imara sana. Soma tu kibati cha mota kabla ya kulipa. Umeme wa kawaida wa Japani ni volti 100, na wa fezi tatu ni volti 200. Wetu ni 230, na fezi tatu ni 400. Ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza, kwa hiyo bei ya transfoma ya kushusha umeme au ya mota mpya iingie kwenye hesabu. Kama kibati kinataja hezi 60 peke yake, kwa hezi 50 za kwetu mota itazunguka taratibu, kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake.

Kampuni ya karadha inanipa mashine ya 6,000,000: kianzio 1,200,000, kisha 275,000 kwa miezi 24. Wanasema riba haifiki asilimia 19 kwa mwaka. Ni sawa? – Mama mwenye karakana, Arusha

Mama, piga jumla kwanza. Miezi 24 mara 275,000 ni 6,600,000, nao walikutolea 4,800,000. Unawalipa 1,800,000 ya ziada. Asilimia 19 yao inahesabiwa kana kwamba unadaiwa 4,800,000 yote kwa miaka miwili, wakati kila mwezi deni linapungua. Kwa deni linalobaki kweli mkononi mwako, riba ni karibu asilimia 33 kwa mwaka. Linganisha hiyo na mkopo wa benki au SACCOS unaoweza kuupata.

Faida ya karadha ni kwamba mashine yenyewe ndiyo dhamana, hati ya nyumba inabaki kabatini. Lakini mpaka umalize, mashine ni yao. Wakichelewa kulipwa wanaweza kuichukua, kwa hiyo soma kwanza kifungu kinachosema umechelewa kwa kiasi gani ndipo waje, na kama kianzio chako kinapotea chote. Kisha soma nani analipa bima, nani anatengeneza ikiharibika, na kama ukimaliza mapema unapunguziwa. Hakikisha pia kampuni ina leseni ya Benki Kuu, na mkataba uandike wazi kwamba baada ya malipo ya 24 umiliki unahamia kwako, na kwa shilingi ngapi.

Kwa kianzio na marejesho hayo, mimi ningesaini tu kama una oda za kudumu, mfano shule au hoteli, zinazokuachia zaidi ya 275,000 kila mwezi baada ya mbao na vibarua. Kama huna, uliza SIDO mkoani kwako kuhusu mikopo yao kwa wenye viwanda vidogo kabla ya kurudi kwa hawa.