Mtoto wa Kigusii anayenyoosha mkono: kutathmini nadharia ya mfungamano

Swali: "Wakuu, niko mwaka wa pili saikolojia. Insha yangu ya 'Tathmini nadharia ya mfungamano ya Bowlby na Ainsworth' imerudi na 46. Mwalimu kaandika 'maelezo mengi, tathmini kidogo', na nimeweka tafiti tisa humo! Pale niliposema nadharia ni ya Kizungu haituhusu, kapiga alama ya kuuliza kubwa. Wanataka tathmini gani hasa?"

Pole mdogo wangu. Insha yangu ya kwanza ya mada hiyo ilirudi na neno moja limerudiwa pembeni ya karibu kila aya: "Kwa hiyo?" Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nikapewa kazi ya kusaidia kusahihisha insha za aina hiyo hiyo, na siku ya pili tu nikajikuta naandika neno lile lile.

Tafiti tisa ndizo zilizokuangusha. Ukiweka tisa, kila moja inapata sentensi mbili: nani alifanya, alipata nini. Nafasi ya kuuliza utafiti huo unagonga wapi kwenye nadharia inakuwa imekwisha. Mimi ningebaki na chache, na kabla ya kuandika lolote ningeipasua nadharia yenyewe, kwa sababu ndani yake kuna madai zaidi ya moja. Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, anasema kila mtoto wa binadamu huzaliwa na mwelekeo wa kujifunga kwa mlezi, na kifungo hicho cha kihisia ndicho mfungamano. Anasema pia kwamba mmoja wa walezi hao, kwa kawaida mama, ana nafasi ya pekee. Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefanya naye kazi, anaongeza kwamba mfungamano unakuwa salama au la kutegemea jinsi mlezi anavyozisoma ishara za mtoto na kuziitikia. Ushahidi unaweza kuliangusha dai moja na kuyaacha mengine yamesimama, na hapo ndipo alama zilipo.

Alama ya kuuliza ya mwalimu wako naielewa. Ainsworth hakuanzia Marekani, alianzia Uganda. Mwaka 1954 na 1955 alikuwa akizunguka vijiji vya Buganda karibu na Kampala, akitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28, anakaa sebuleni na mkalimani, anaongea na mama huku anamwangalia mtoto. Aliona watoto wanaotambaa kwenda kuchungulia vitu, kisha wanarudi kumgusa mama, kisha wanaondoka tena, kama mtu anayerudi kituoni. Aliona pia kwamba mama waliokuwa na habari nyingi za watoto wao, wanaokueleza bila kufikiri mtoto anapenda nini na analia vipi akisikia njaa, ndio wengi wao walikuwa na watoto waliotulia. Wazo la uitikiaji lilianza kuchipua hapo. Kwa hiyo ukiandika "ya Kizungu" bila maelezo, msahihishaji anajua hujaisoma historia yake.

Lakini shaka yako ina msingi mahali pengine: kwenye kipimo. Alipohamia Baltimore, Marekani, akafuatilia familia nyingine 26, watoto wa kule hawakuonyesha tabia ile ya kituo waziwazi wakiwa nyumbani. Walishazoea mama kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Ndipo akatengeneza Hali Ngeni, ili kuwatia wasiwasi kidogo mahali wasipopajua. Ni chumba chenye midoli na vipindi vinane, vingi vya dakika tatu. Mama na mtoto wanaingia, mgeni anaingia, mama anatoka, anarudi, anatoka tena na kumwacha mtoto peke yake, mgeni anarudi, mwisho mama anarudi. Watoto wana kati ya miezi 12 na 18 hivi.

Hapa ndipo wengi wanateleza. Wanaandika kwamba mtoto anayelia mama akitoka ana mfungamano salama. Sivyo. Mtoto salama anaweza kulia au asilie. Kinachopimwa hasa ni mama akifungua mlango na kurudi: mtoto anamwendea, anatulizwa, anarudi kwenye midoli? Huyo ni salama. Anageuza uso na kuendelea na mdoli kana kwamba hakuna aliyeingia? Huyo anaepa. Anataka kubebwa, akibebwa anapiga mateke na hatulii? Huyo anakinza. Kama insha yako haikutaja kurudi kwa mama, hukueleza kipimo.

Sasa angalia Japani, maana ni mfano mzuri kuliko wote. Mtafiti Takahashi alifanya Hali Ngeni na watoto 60 mjini Sapporo. Salama walikuwa asilimia 68, karibu sawa na Marekani. Lakini waliobaki wote, asilimia 32, waliwekwa kwenye kundi la wanaokinza, na wanaoepa hakuna hata mmoja. Mwanafunzi wa kawaida anaandika "kwa hiyo utamaduni unaathiri mfungamano" na kupita. Subiri. Kipindi cha mtoto kuachwa peke yake kilikatishwa kwa karibu watoto tisa kati ya kumi, kwa jinsi walivyolia. Watoto hao walikuwa hawajazoea hata kidogo kuachwa peke yao. Kilichokusudiwa kuwa wasiwasi mdogo kwao kilikuwa hofu kubwa, na mtoto aliyefikishwa huko hatulizwi kwa dakika tatu. Kwa hiyo huenda ile 32 inatuambia zaidi kuhusu ukali wa kipimo kuliko kuhusu mama wa Sapporo. Na ukumbuke kwamba watafiti wengine waliopima Tokyo walipata mgawanyo unaofanana zaidi na wa Marekani. Hilo linakupeleka moja kwa moja kwa van IJzendoorn na Kroonenberg, ambao mwaka 1988 walikusanya tafiti 32 kutoka nchi 8 na kukuta tofauti ndani ya nchi moja ni kubwa mara moja na nusu kuliko tofauti kati ya nchi na nchi. Usiinukuu tu namba hiyo. Sema inachofanya: inakuzuia kuandika "Wajapani wako hivi". Kisha sema udhaifu wake, kwamba tafiti 18 kati ya hizo 32 zilitoka Marekani, na hakuna nchi ya Afrika.

Ushahidi wa Afrika upo, ila watu hawautafuti. Kermoian na Leiderman walichapisha mwaka 1986 utafiti wa watoto 26 wa Wagusii, magharibi mwa Kenya. Kule mtoto mchanga hubebwa na kutunzwa sehemu kubwa ya siku na mtoto mkubwa, mara nyingi dada yake, mama akiwa shambani. (Mimi mwenyewe nimelelewa mgongoni kwa dada yangu, kwa hiyo utafiti huu niliusoma kwa jicho la mwenye mali.) Walipima mara mbili, kwa mama na kwa yule mlezi mdogo. Na hawakuchukua vigezo vya Baltimore kama vilivyo. Wagusii humpokea mtoto kwa kumpa mkono, si kwa kumkumbatia. Mtoto salama alinyoosha mkono mmoja kwa hamu akisubiri kusalimiwa. Asiye salama aliepa, au alinyoosha kisha akaurudisha. Msahihishaji wa Baltimore aliyezoea kuona mikono miwili ikiinuliwa angeweza kumpa mtoto huyo alama isiyo yake.

Matokeo: salama kwa mama asilimia 61, kwa mlezi mdogo asilimia 54. Dai la kwanza la Bowlby linapata nguvu, kwa sababu mfungamano umeonekana hata kwenye malezi tofauti kabisa na ya Baltimore. Dai la pili linayumba. Usalama kwa mama ulihusiana na hali ya lishe ya mtoto, na usalama kwa mlezi mdogo ulihusiana na ukuaji wa akili. Mama ndiye anayelisha, dada ndiye anayecheza. Kila mfungamano ulionekana kubeba kazi ya uhusiano wake, badala ya mmoja kuwa mkuu na mwingine kivuli. Watoto 26 ni wachache, lazima useme, lakini utafiti mdogo unaogonga dai mahususi unakufaa kuliko mkubwa unaopita pembeni.

Utafiti wa Bowlby wa vijana wezi 44 usiufute, ila upe kazi. Kati ya 14 aliowaona hawana hisia kwa wengine, 12 walikuwa wametenganishwa na mama kwa muda mrefu utotoni, wakati kwa wezi wengine 30 walikuwa 5 tu. Namba zinavutia, lakini Bowlby mwenyewe ndiye aliyewahoji na yeye ndiye aliyeamua nani hana hisia, huku akijua historia zao. Na hata bila upendeleo huo, kutengana huja pamoja na mambo mengine, kama ugomvi, umaskini na ugonjwa. Uweke kando ya mradi wa Bucharest. Huko watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi za Romania waligawanywa kwa kura, nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Walipopimwa wakiwa na miezi 42, waliopelekwa kwenye familia karibu nusu walikuwa salama, na wale wengine hawakufika hata mmoja kati ya watano. Kwa kuwa ni kura iliyoamua, huwezi kusema familia zilichukua watoto wenye nafuu. Ila angalia mtego: wezi wa Bowlby walipoteza mfungamano, watoto wengi wa Bucharest hawakuwahi kuupata. Rutter, daktari wa akili za watoto, alisisitiza tofauti hiyo, na insha isiyoitaja huchanganya mambo mawili.

Kuhusu uitikiaji wa mlezi, sentensi moja inatosha: de Wolff na van IJzendoorn mwaka 1997 walijumlisha tafiti nyingi wakapata kipimo cha uhusiano cha 0.24 kati ya uitikiaji na usalama, yaani uhusiano upo, lakini unaeleza takriban asilimia 6 tu ya tofauti kati ya watoto, kwa hiyo "uitikiaji ndio chanzo" ni kauli nzito kuliko ushahidi wake.

Nakuandikia aya moja uone umbo lake, usiinakili:

"Matokeo ya Sapporo, ambako hakuna mtoto aliyeepa, yanaweza kusomwa kama pingamizi kwa Ainsworth. Hata hivyo kipindi cha upweke kilikatishwa kwa watoto wengi, hivyo kipimo hakikuleta wasiwasi wa kiwango kilekile kama Baltimore. Pingamizi hilo basi linagusa uhalali wa Hali Ngeni nje ya ilikotengenezwa, si dai kwamba watoto hujenga mfungamano. Utafiti wa Wagusii unaimarisha usomaji huu, kwa kuwa kigezo kilipobadilishwa kufuata salamu ya wenyeji, watoto salama walionekana."

Hesabu tafiti humo: mbili tu. Ile aya yako ya bata wa Lorenz, wanaomfuata wa kwanza kumwona kama mama yao, itoe kabisa, hakuna dai kati ya haya matatu inalolipima kwa mtoto wa binadamu. Nyani wa Harlow, aliyeng'ang'ania mama bandia wa kitambaa badala ya yule wa waya mwenye maziwa, unaweza kumbakiza kwa mstari mmoja, kwenye aya ya kwanza, kuonyesha kwamba chakula peke yake hakijengi mfungamano. Ukishaandika upya weka aya moja hapa, nitaipitia Jumamosi nikiwa na nafasi.