Kaburi kwenye kihamba kilichouzwa: kwa wanaoanza kuhoji watu kuhusu mema na mabaya

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya usaidizi wa utafiti huku Moshi, kuna kosa nililolifanya kwa miezi minne bila kulijua. Nawaandikia ili ninyi mlijue mapema. Nilikuwa nikimwuliza mtu kwa nini jambo fulani ni baya, akanijibu, nami nikaamini kwamba jibu lake ndilo sababu.

Mtakabidhiwa dodoso la misingi ya maadili. Asili yake ni kazi ya Jonathan Haidt na Craig Joseph, walioandika mwaka 2004 kwamba mtu huhukumu kwanza kwa hisia ya ghafla, hoja zikaja nyuma kuitetea hukumu. Baadaye Haidt na wenzake, akiwemo Jesse Graham, waliipanga misingi mitano: kujali anayeumia, haki, kushikamana na kundi lako, heshima kwa mamlaka, na utakatifu. Dodoso lina maswali 30 yanayojibiwa kwa alama kuanzia 0 hadi 5, pamoja na maswali mawili ya mtego ya kubaini anayejibu bila kusikiliza. Mtego mmoja unauliza kama uhodari wa mtu katika hesabu unahusika unapopima tendo lake kuwa jema au baya. Anayesikiliza anatarajiwa kusema hauhusiki. Nilimsomea mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kule Kibosho, akanipa 5 na maelezo juu: asiyejua hesabu akishika fedha za watu ataiba hata bila kukusudia. Kwa kanuni za dodoso ilibidi nimtupe nje. Kwa akili zangu, yeye ndiye aliyekuwa amesikiliza kuliko wote siku ile.

Shida nyingine iko kwenye maneno yetu wenyewe, nayo mtakutana nayo siku ya kwanza. Rasimu niliyopewa ilikuwa imeandika "usafi" pale palipotakiwa utakatifu, na mama mmoja akanieleza kwa dakika kumi habari za choo na maji ya kunawa. Kwetu jambo hili liko kwenye maneno kama mwiko, najisi, kufuru, laana. "Uaminifu" nao una sura mbili: kutosema uongo, na kutowasaliti wenzako. Ukiuliza kama fulani alikuwa mwaminifu, nusu ya watu watakujibu habari za uongo. Ulizeni moja kwa moja kama aliwasaliti watu wake. "Haki" ndiyo mbaya kuliko zote, maana tunaitumia kwa kugawana sawa kwa sawa na vilevile kwa kila mtu kupata kulingana na jasho lake, na haya mawili hugombana kila siku kwenye mirathi. Mwaka 2023 Mohammad Atari na wenzake walitoa dodoso jipya lililoitenga haki kuwa misingi miwili, usawa na kustahili. Mkipewa hilo mna bahati.

Ila dodoso peke yake halitoshi, kwa hiyo tuliongeza kisa. Kinasomwa hivi:

Baba amefariki na amezikwa nyumbani, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, chini ya migomba. Mtoto wa kiume wa mwisho amebaki na nyumba ya wazazi kama ilivyo desturi. Mama yao anaugua na anahitaji upasuaji. Yule kijana anauza nusu ya kihamba, upande wenye kaburi, kwa mtu wa mbali asiye wa ukoo. Hakuwaambia kaka zake. Fedha inalipa hospitali, na mama anapona.

Kwanza ombeni hukumu tupu: si vibaya, vibaya kidogo, au vibaya kabisa. Iandikeni kabla hamjauliza lolote lingine. Ukianza na "kwa nini", mtu anaanza kutafuta jibu linaloonekana la busara mbele ya mgeni mwenye kalamu. Msihoji kibarazani mbele ya majirani pia. Mzee wa kwanza akisema, wote watamfuata, nanyi mtarudi na jibu moja lililoandikwa mara nane.

Sasa kosa langu. Mzee mmoja wa Uru alinijibu, "Vibaya kabisa." Nikauliza kwa nini. "Ameuza kaburi la baba yake!" Nikaandika: utakatifu. Siku hiyohiyo, mwalimu kijana wa kwaya akaniambia yaleyale karibu neno kwa neno, nikaandika utakatifu tena. Jioni nilimwonyesha msimamizi wangu daftari kwa majivuno. Akauliza swali moja tu: "Umeliondoa kaburi?"

Sikumwelewa. Akanifafanulia kwamba ukitaka kujua jiwe gani linabeba ukuta, ondoa moja na utazame. Unarudia kisa kilekile, unabadilisha kitu kimoja tu, kisha unaomba hukumu upya. Tukatengeneza sura nne: upande uliouzwa hauna kaburi; kaburi lipo lakini mnunuzi ni binamu wa ukoo huohuo; kaburi lipo, mnunuzi ni wa mbali, lakini kikao cha ukoo kilikubali; na ile ambayo kijana alitumia fedha kununua pikipiki wakati mama bado anaumwa.

Nikarudi Uru. "Shikamoo mzee, nimekusumbua tena." Nikamsomea sura isiyo na kaburi. Nilitarajia alegeze. Hakulegeza hata kidogo: vibaya kabisa. Nikasoma ya binamu, ambamo kaburi limeuzwa vilevile. Akatulia, akatazama migomba yake, akasema, "Hapo si vibaya. Si limebaki mikononi mwetu?" Kaburi alilolitaja kwa uchungu wiki iliyopita halikuwa limebeba chochote. Kilichombana ni mgeni kuingia katikati ya ukoo, yaani kushikamana na kundi. Kaburi lilikuwa neno lililokuwa karibu na mdomo.

Mwalimu wa kwaya alikwenda kinyume. Kwake binamu hakusaidia kitu: vibaya kabisa. Idhini ya kikao haikusaidia pia. Alisema kikao hakina ruhusa ya kuuza mahali wafu walipolala. Kaburi lilipoondolewa akasema bila kusita, "Basi amwokoe mama yake, kuna ubaya gani?" Huyo ndiye wa utakatifu. Watu wawili, hukumu moja, sababu moja mdomoni, na chini yake vitu viwili tofauti. Kwenye daftari langu la kwanza walikuwa mtu mmoja.

Kinyume chake pia hutokea. Mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni alisema si vibaya tangu mwanzo, tena kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyetaka mgonjwa afe. Nikadhani ni huruma tupu. Basi nikabuni sura ya tano papo hapo (msifanye hivyo bila kumwambia msimamizi, mimi nilikaripiwa): mama wa kisa amepona, fedha imebaki, na kijana ameiweka mfukoni. Akawaka. "Hapo amekula cha wenzake!" Nikageuza tena: kaka zake walikuwa Dar es Salaam, waliombwa wachange, wakakataa. Akapoa. "Basi ale. Waliokimbia mzigo wasije kudai mgao." Angekuwa mtu wa usawa angesema fedha iliyobaki igawanywe hata kwa waliokataa. Yeye aliitazama haki kwa jicho la kustahili, na msingi huo usingeonekana kamwe kama ningeridhika na "si vibaya" yake ya kwanza.

Angalizo juu ya mpangilio. Aliyesikia kaburi mwanzoni halisahau kwa sababu tu umeliondoa kwenye sura inayofuata. Kwa hiyo nusu ya wahojiwa waanze na sura yenye kaburi, nusu waanze na isiyo nalo, na mwandike nani alianza na ipi. Sikufanya hivyo na wale wa mwanzo, na majibu yao tuliyatumia kama mifano tu, hatukuyahesabu.

Wengine watawajibu kwa sheria: "Serikali za mitaa haziruhusu." Hilo si jibu la maadili bado. Ulizeni: kama sheria ingeruhusu, ingekuwaje? Akisema basi sawa, alikuwa anazungumzia kanuni au mamlaka. Akisema bado ni vibaya, endeleeni na sura zenu.

Msishangae pia mtakapoona tofauti zaidi kati ya msomi wa mjini na mkulima wa kijiji kimoja naye kuliko kati ya nchi na nchi. Utafiti wa Haidt na wenzake uliotoka mwaka 1993, uliofanyika Philadelphia pamoja na Recife na Porto Alegre huko Brazili, uliwasomea watu kisa cha familia iliyompika na kumla mbwa wao aliyegongwa na gari. Waliosoma na wenye kipato katika nchi zote mbili walielekea kusema inachukiza lakini si kosa, kwa kuwa hakuna aliyeumizwa. Wenye hali ya chini zaidi waliona ni kosa. Tabaka lilieleza mengi kuliko bendera.

Hapo kwenye "hakuna aliyeumizwa" ndipo wataalamu wanapovutana. Kurt Gray anadai kwamba chini ya misingi yote mna kitu kimoja tu, kuona kwamba kuna anayedhurika, na watu wanatofautiana kuhusu nani anadhurika. Nikiwa ofisini humpinga. Nikiwa kijijini napata shida, kwa sababu yule mwalimu wa kwaya aliniambia marehemu hatalala kwa amani na watoto watakaozaliwa watapata mikosi. Kwake hayo ni madhara halisi kabisa, yana majina na yana watu. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema. Msiyageuze kuwa "utakatifu" papo hapo. Kugeuza ni kazi ya baadaye, na inafanywa na watu wawili, kila mmoja peke yake, ili tuone kama wanakubaliana.

Kisha kuna wale ambao njia hii haiwafikii. Bibi mmoja wa Marangu nilimsomea sura zote. Bila kaburi: vibaya. Kwa binamu: vibaya. Kwa idhini ya kikao: vibaya. Nikaongeza kwamba bila kuuza mama angekufa: alifumba macho kidogo, kisha akasema vibaya. Nikamwuliza kama ni kwa ajili ya marehemu, au ukoo, au wazee. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kama chai ni maji au ni majani. Kihamba, akasema, ndimo baba alimo, ndimo watoto walimo, na masale yale ya mpakani yalipandwa na babu wa babu yao. Mimi ndiye ninayevikata vipande.

Fomu ilitaka niweke alama kwenye kisanduku kimoja. Niliacha vyote vitano vitupu, nikaandika pembeni "havitenganiki", na msimamizi hakulifuta neno hilo.