Puto, hamira na chupa za soda

"Jamani, mwanangu wa darasa la tano ana maonyesho ya sayansi Ijumaa. Jaribio gani la vitu vya nyumbani, lisilo na gharama?"

Dada, mpe hamira. Tafuta chupa tatu za soda za kioo, kila moja itie kijiko cha chai cha hamira, vijiko viwili vya sukari na nusu kikombe cha maji: ya barafu, ya vuguvugu, na yaliyochemka yakapoa dakika tano (hayo mimina mwenyewe). Vika puto mdomoni mwa kila chupa, ukiwa umelipuliza kabla ili lilainike. Chupa ya baridi ikae ndani ya beseni la barafu, maana kwa joto hili la Dar hata maji ya bomba yanatosha kuumua.

Kaka hapo juu anasema maji yakizidi kuwa moto puto hujaa zaidi. Ni kweli mpaka kwenye vuguvugu. Yakizidi hapo sana hamira hufa. Ila kuna mtego: puto la chupa ya moto huinuka kwanza, kwa hewa iliyotanuka na mvuke. Mwanangu alishangilia mapema, chupa ilipopoa likanywea. Pimeni mzunguko wa puto kwa uzi baada ya dakika 40, na ongezeni chupa ya nne yenye maji moto na sukari bila hamira, mlinganishe.

Nawe mama uliyependekeza volkano ya siki na magadi, inapendeza macho, ila mtoto anapima nini pale?