Fundi wa msingi hulia kwanza: maswali yenu kuhusu kupanda na kushuka kwa uchumi

"Duka langu la nguo pale Majengo limepoa tangu Januari. Je, nchi imeingia kwenye mdororo?"

Hiyo ni Januari, mama. Swali hili naletewa kila mwanzo wa mwaka, na kila mara aliyeuliza hajafungua daftari lake la mwaka uliopita.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Miezi hiyo hela ya watu wa Bahi, Kongwa na Chamwino imelala shambani kwenye mbegu na palizi, na ya mjini imekwenda kwenye ada. Aprili Bunge la bajeti linaanza na mji unajaa hadi mwisho wa Juni, na humo katikati mavuno nayo yanaingia. Huo ni msimu, hurudi kila mwaka. Mzunguko wa uchumi ni jambo jingine: uchumi hukua, hufika kilele, hudorora, kisha hufufuka, na hauna kalenda. Awamu moja inaweza kuchukua miezi michache au miaka kadhaa.

Linganisha Januari na Januari, Februari na Februari. Hesabu magauni uliyouza, usihesabu shilingi, maana bei ikipanda mauzo yataonekana yamekua hata kama wateja wamepungua. Ukikuta miezi mitatu mfululizo idadi iko chini ya miezi ileile ya mwaka jana, na jirani zako nao wako hivyo, hapo njoo tuzungumze.

"Shikamoo. Mimi ni fundi ujenzi, naishi Ihumwa. Gesti zimejaa, wageni wanakuja kila siku, mbona sisi mafundi hatuna kazi? Nani anadanganya?"

Marahaba, kijana wangu. Hakuna anayedanganya, na swali lako ndilo lililonifanya niandike wiki hii.

Chukua eneo moja la mji ambalo mwaka wa kwanza wageni wake wanahitaji vyumba 100, navyo vipo. Mwaka wa pili wanahitaji 120, kwa hiyo mnajenga 20. Mwaka wa tatu wanahitaji 140, mnajenga 20 vingine. Mwaka wa nne wanahitaji 145. Wageni wameongezeka, mwenye gesti anacheka, lakini ninyi mnajenga vyumba vitano tu. Robo tatu ya kazi yenu imeondoka bila mgeni hata mmoja kupungua. Mwaka wa tano wakibaki 145, mnabaki na kupaka rangi na kuziba nyufa.

Kazi ya mwenye gesti inategemea idadi ya wageni. Kazi yako inategemea ongezeko lao. Ndiyo maana ujenzi hupanda kwa kasi kuliko shughuli nyingine uchumi unapokua, na huanguka mapema na kwa kishindo ukuaji unapopungua tu. Dodoma tumeliona hili waziwazi, kwa sababu tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, sehemu kubwa ya hela ya mji imepitia kwenye tofali, saruji na nondo.

Tena haliishii kwako. Saidia fundi akikosa kibarua, mama lishe wa saiti anapika kilo mbili za mchele badala ya tano. Duka la vifaa linapunguza oda ya saruji, lori la mchanga linalala. Hao wote wakibana matumizi, hata biashara isiyohusiana na ujenzi inaanza kuumia. Hivyo ndivyo mji unavyoweza kuteremka kutoka kileleni hadi kwenye mdororo kwa sababu iliyoanza kama kupungua kwa kasi tu. Na serikali ikichelewa kumlipa mkandarasi, mteremko unakuwa mkali zaidi, maana mkandarasi naye anachelewa kuwalipa ninyi.

Unaweza kuuona mapema kwa kutembea. Jumamosi moja zunguka Ilazo, Nala na Mtumba ukihesabu misingi mipya na nyumba zilizofikia plasta na vigae. Wapaka rangi na wa vigae wakiwa na kazi tele huku wachimba misingi wamekaa kijiweni, kazi iliyo njiani inakwisha, na baada ya miezi michache hata wa vigae watakaa. Misingi ikianza kuchimbwa tena huku wa vigae bado hawana kazi, ufufuko umeanza. Mwenye ujuzi wa msingi ajifunze ukarabati sasa, kwa kuwa nyumba iliyopo huvuja hata wakati wa mdororo.

"Robo mwaka mbili mfululizo uchumi ukishuka ndiyo mdororo, sivyo?"

Hicho ni kipimo cha haraka, na kwetu hakifai sana. Sensa ya 2022 ilionyesha idadi ya Watanzania ilikuwa ikikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Uchumi ukikua kwa asilimia 3 pekee, kwenye takwimu umekua, lakini fungu la kila mtu halijaongezeka. Wakati watu wanaimba "vyuma vimekaza", takwimu rasmi zilikuwa zikionyesha ukuaji wa zaidi ya asilimia 6. Namba ya taifa haikuambii hela iko mtaa gani.

"Nitajuaje kuwa tumefika kileleni ili niuze kiwanja changu kwa bei nzuri?"

Hutajua. Hata Marekani, kamati ya wachumi inayopanga tarehe za mizunguko ilitangaza Desemba 2008 kwamba kilele kilikuwa Desemba 2007. Mwaka mzima ulikuwa umepita.

Unachoweza kupima ni kama bei bado inashikwa na kitu. Nyumba inauzwa milioni 60 na inapangishwa laki mbili na nusu kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 3. Aliyeinunua kwa mkopo wa asilimia 15 anadaiwa riba ya milioni 9 mwaka wa kwanza. Hiyo milioni 6 inayopungua anategemea kuipata kwa kumuuzia mwingine kwa bei ya juu zaidi. Wanunuzi wa namna hiyo wakiwa wengi mtaani kwako, uza ukipata bei inayokutosha. Na wewe unayenunua kwa hesabu hiyo, nakuomba uache.

"Mambo yakianza kufufuka, ajira zitarudi lini?"

Mwisho kabisa. Mwajiri kwanza huwaongezea saa wale alionao, kisha huita vibarua, ndipo huajiri. Mdororo ule wa Marekani uliisha Juni 2009, lakini ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 Oktoba, miezi minne baadaye.

Dalili za mwanzo zipo gengeni. Shangazi yangu ana genge Chang'ombe. Hali ikiwa ngumu wateja wake hununua mafuta ya kupima, kijiko kimoja cha kupikia mchicha wa jioni hiyo, na daftari la madeni linajaa. Hali ikianza kulegea, majina hukatwa kwanza daftarini, watu wanalipa. Kuchukua nusu lita kunafuata wiki kadhaa baadaye. Yeye huangalia majina yaliyokatwa ndipo anaongeza mzigo.

"Nichukue mkopo sasa nipanue mgahawa wangu?"

Usichukue kama marejesho umeyapigia hesabu kwa mauzo ya Mei, Bunge likiwa mjini. Yapigie kwa mauzo ya Februari, kisha uniandikie tena.