Nyayo Zinazowaka Moto: Majibu kwa Wenye Kisukari na Wanywaji wa Siku Nyingi

Nina kisukari mwaka wa 14 sasa. Usiku nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa. Nilipimwa mishipa ya fahamu kwa umeme, nikaambiwa ni mizima. Moto huu unatoka wapi?

Unatoka kwenye nyuzi ambazo kipimo hicho hakizioni. Ndani ya mshipa wa fahamu mna nyuzi nene na nyuzi nyembamba. Zile nene huendesha misuli na kukujulisha mguu umekaa vipi, na ndizo zinazopimwa kwa umeme. Nyembamba hubeba maumivu, joto na baridi, na huongoza jasho. Sukari ikikaa juu kwa miaka huziumiza nyuzi zenyewe pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha, na mara nyingi nyembamba hutangulia kuumia. Uzi uliojeruhiwa hutuma habari za moto hata pasipo na moto. Vidole vya miguu huanza kwa sababu nyuzi zinazofika huko ndizo ndefu kuliko zote.

Mwombe daktari akuguse kwa kitu chenye ncha na kwa chuma baridi, aanzie vidoleni akipanda juu. Kama baridi unaisikia vizuri gotini lakini vidoleni huisikii, na miguu yote miwili iko hivyo, picha inakubaliana na nyuzi nyembamba. Ukiwaka mguu mmoja tu, au ukaanza kulegea, tafuteni sababu nyingine.

Kama unameza metfomini, pimeni pia vitamini B12. Dawa hiyo ikitumika miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wake, na upungufu huo huleta ganzi na kuwaka vilevile. Usiache metfomini kwa hofu hiyo, maana B12 hurudishwa kwa sindano au vidonge.

Nilianza insulini wiki 10 zilizopita. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, ilikuwa 12.4, leo ni 7.1. Badala ya kupona, miguu ndiyo kwanza inawaka, hata shuka sivumilii. Niache insulini?

Usiache. Umeshusha pointi 5.3 kwa wiki 10, na hapo ndipo penye jibu. HbA1c ikishuka zaidi ya pointi 2 ndani ya miezi 3, kwa mtu aliyekaa na sukari ya juu muda mrefu, nyuzi nyembamba zinaweza kuchachamaa ghafla, kwa kawaida ndani ya wiki 8 hivi tangu sukari ianze kushuka. Kadiri mshuko ulivyo mkubwa, hatari huongezeka. Wengi hutulia kadiri miezi inavyopita, ingawa wengine huchukua mwaka au zaidi.

Rudi kliniki ukiwa na majibu yote mawili ya maabara, ili daktari aamue kasi ya kuendelea nayo na akupe dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu. Mwambie pia kama unapata kizunguzungu ukisimama, na uchunguzwe macho, kwa sababu mshuko wa namna hii huweza kuumiza na retina.

Baba hana kisukari, lakini amekunywa gongo kila siku kwa miaka 20. Nyayo zinamchoma. Tumpe vitamini gani?

Vitamini peke yake haitoshi. Pombe yenyewe ni sumu kwa nyuzi nyembamba, na juu yake mnywaji hula kidogo huku utumbo wake ukishindwa kufyonza vitamini B1. Daktari huweza kuanza na B1 miligramu 100 kwa siku, ila baba akiendelea kunywa, jeraha nalo huendelea. Asikatishwe pombe ghafla nyumbani: mnywaji wa kiasi hicho anaweza kutetemeka na kupata degedege, kwa hiyo aachishwe chini ya uangalizi.

Angalieni vidonge vya mchanganyiko wa B. B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo huharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo msimpe aina mbili kwa pamoja. Na kama anatumia isoniazidi ya kifua kikuu, semeni mapema, kwani hiyo humaliza B6 na anayeitumia anahitaji dozi maalumu ya B6.

Akichanganyikiwa, akayumba, au akaona vitu viwili viwili, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo na mtaje pombe mapokezi. Hapo anahitaji B1 ya sindano, na asiwekewe dripu ya glukosi bila hiyo B1.

Naloweka miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi na kumeza diklofenaki. Kuna ubaya?

Upo kwa vyote viwili. Nyuzi zinazopima joto ndizo zilizoumia, kwa hiyo utababuka bila kujua. Tumia maji ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko, usiloweke, na ukaushe katikati ya vidole. Diklofenaki haifikii maumivu ya aina hii na huweza kudhuru figo ambazo kisukari kimeshazichosha. Zinazosaidia ni kama amitriptilini, ambayo mara nyingi huanzwa miligramu 10 usiku, au gabapentini. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayekojoa kwa shida amweleze daktari kabla ya kuandikiwa amitriptilini, na mwenye figo mbovu hupunguziwa gabapentini.