Maswali na majibu: mguu wa nyuma hutangulia

Shikamoo mwalimu. Farasi ninayemhuisha kwenye kompyuta akitembea anayumba kama ngamia. Kila mguu peke yake uko sawa, ila mwili mzima haukubali. Nimekosea wapi?

Marahaba. Umeipanga miguu ya upande mmoja ikanyage pamoja, na huo kweli ni mwendo wa ngamia. Miguu yote miwili ya kushoto ikiwa chini, uzito unaangukia kushoto, kisha unahamia kulia. Hata ukiurekebisha mgongo siku nzima, mwili utaendelea kuyumba, kwa sababu unaifuata miguu.

Farasi anayetembea hukanyaga mmoja mmoja: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Mbwa naye vivyo hivyo. Kati ya mguu na mguu kuna robo ya mzunguko. Tuchukue fremu 24 kwa sekunde na mzunguko wa fremu 28, ambao unamfaa farasi mkubwa asiye na haraka. Nyuma kushoto ukanyage fremu ya 1, mbele kushoto ya 8, nyuma kulia ya 15, mbele kulia ya 22. Fremu ya 29 ni ile ile ya 1. Kila mguu ukae ardhini fremu 18 na hewani fremu 10.

Sasa tazama kinachotokea upande wa kushoto. Mguu wa mbele uliokanyaga fremu ya 8 unanyanyuka ya 26, na wa nyuma unafika ya 29, karibu kabisa na pale ulipokuwa wa mbele. Ni kama wa nyuma unamwambia wa mbele apishe. Ukilikumbuka hilo hutahitaji kukariri mpangilio: wa nyuma unapokaribia kutua, wa mbele wa upande huo huo unaondoka.

Kuna namna rahisi ya kujikagua. Simamisha popote katika mzunguko uhesabu miguu iliyo chini. Katika mpango huu utakuta mitatu au miwili, hutakuta mmoja wala minne. Na ukigundua kwamba baada ya nyuma kushoto umekanyagisha mbele kulia, umegeuza mpangilio. Huo ndio mwendo wa nyani wengi, na mtazamaji atahisi kuna kitu kigeni hata akishindwa kukitaja.

Mwili nao una saa yake. Nyonga hupanda juu kabisa pale mguu wa nyuma uliobeba uzito unaposimama wima chini yake, yaani fremu ya 10 na ya 24. Mabega hufanya hivyo hivyo kwa miguu ya mbele, fremu ya 17 na ya 3. Kwa hiyo nyonga zikiwa juu mabega yako chini, na mgongo unapembea taratibu kama mzani. Ukizipandisha nyonga na mabega kwa pamoja, farasi atakuwa meza inayorukaruka.

Mimi mpangilio ninao sawa, lakini kwato zinateleza. Nikiongeza kasi ya mwili zinateleza upande mwingine. Kuna kipimo au ni kubahatisha tu?

Kipimo kipo, na wengi hukikosa mahali pamoja. Tuendelee na farasi yule yule. Tuseme ukwato, ukiwa ardhini, unasafiri sentimita 117 kutoka mbele kwenda nyuma ukilinganisha na mwili. Wengi huchukua hizo 117 na kuusogeza mwili 117 kwa mzunguko. Lakini ukwato umekaa chini fremu 18 tu kati ya 28, na katika zile 10 zilizobaki mwili haukusimama, ulikuwa ukibebwa na miguu mingine.

Gawanya 117 kwa 18, unapata sentimita 6.5 kwa fremu. Zidisha kwa 28, unapata sentimita 182. Hiyo ndiyo hatua nzima, na ndicho kiasi ambacho kontrola kuu ya rigi, yaani ya ile mifupa ya kumwendeshea farasi, inapaswa kusogea kwa kila mzunguko. Ukiweka 117, kwato zitarudi nyuma kwa kuteleza, na pengo ni sentimita 65 kila mzunguko. Kasi inayopatikana ni kama mita 1.56 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida kwa farasi anayetembea.

Sharti la pili: katika zile fremu 18 ukwato uende nyuma kwa kasi moja. Programu nyingi hulainisha mwanzo na mwisho wa kila mwendo zenyewe. Kwenye Blender, fungua Graph Editor, chagua kipande hicho cha mstari, bonyeza T, kisha chagua Linear. Kontrola kuu nayo iwe hivyo hivyo. Mstari mmoja ukiwa umenyooka na mwingine umepinda, ukwato utateleza mwanzoni na mwishoni mwa mkanyago hata kama hesabu ya hatua ni sahihi.

Kama unapanga kwa msimbo, awamu ya mguu wowote unaipata hivi:

```python
def awamu(fremu, urefu, kuchelewa):
    return ((fremu - 1) / urefu - kuchelewa) % 1.0
```

Jibu likiwa 0 mguu ndiyo kwanza unakanyaga. Likiwa chini ya 18/28 uko ardhini, likizidi hapo uko hewani. Nyuma kushoto kuchelewa ni 0, mbele kushoto 0.25, nyuma kulia 0.5, mbele kulia 0.75.

Jambo moja la rigi yenyewe, kwa kuwa linafanana na kuteleza lakini silo. Ukwato ukienda mbele sana, mguu wa IK, yaani ule unaojikunja wenyewe kufuata ukwato, hunyooka ghafla na goti hushtuka. Dawa yake si kupunguza hatua. Mguu wa mbele wa farasi haukuungwa kwenye kifua kwa kiungo cha mfupa, umeshikwa na misuli tu, kwa hiyo bapa la bega huteleza na kuzunguka juu ya mbavu. Rigi iliyolifunga bapa hilo imemnyima farasi sehemu kubwa ya hatua yake. Lipe kontrola yake, na lizunguke kufuata ukwato.

Nimebadilisha kutoka kutembea kwenda mchakamchaka. Miguu inakwenda pamoja kimshazari kama inavyotakiwa, lakini farasi anaelea kama yuko mwezini.

Namba ya kuchelewa umeipata: mguu wa mbele sasa unachelewa nusu mzunguko nyuma ya mwenzake wa upande huo, badala ya robo. Ndiyo maana nyuma kushoto na mbele kulia vinakutana. Kuelea kunatoka kwenye kimo.

Chukua mzunguko wa fremu 18. Jozi ya kwanza ikanyage fremu ya 1 na kunyanyuka ya 8, ya pili ikanyage ya 10 na kunyanyuka ya 17. Kila mara farasi yuko hewani fremu 2, ambazo ni sekunde 0.083. Kitu kilichorushwa na kuanguka ndani ya muda huo hupanda `9.8 × t² / 8`, nayo hapa haifiki hata sentimita moja! Ukimpandisha sentimita 15 katika fremu hizo mbili, macho yanaona mvutano wa dunia umebadilika.

Basi ule mdundo tunaouona kwa macho unatoka wapi? Unatoka ardhini. Jozi ikikanyaga, viungo vinakunjika kama springi na mwili unazama, chini kabisa kati ya fremu ya 4 na ya 5, kisha unasukumwa juu. Hii ni kinyume cha kutembea, ambako mwili huwa juu katikati ya mkanyago. Ukinakili mwendo wa nyonga kutoka kwenye kutembea, utakuwa umeugeuza juu chini. Hapa nyonga na mabega huzama pamoja na kupanda pamoja, na kichwa, ambacho katika kutembea huinama mara mbili kila mzunguko, hutulia.

Mbwa mdogo naye nimpe fremu hizo hizo?

Hapana, mguu mfupi hupembea haraka zaidi. Kwa mbwa wa kimo cha goti anza na fremu 20 akitembea na 12 akiwa kwenye mchakamchaka, kisha urekebishe kwa jicho. Namba za kuchelewa zibaki vile vile.

Shoti ya farasi imenitoka vizuri sana. Nimeinakili kwa mbwa wa mbio na imekuwa kituko. Kwani si ni shoti ile ile?

Si ile ile, na hapa ndipo mpango wa nusu na robo unapokoma. Katika shoti miguu ya nyuma hukanyaga karibu karibu, kisha ya mbele.

Farasi kwenye mzunguko wa fremu 12: nyuma kushoto fremu ya 1, nyuma kulia ya 3, mbele kushoto ya 5, mbele kulia ya 7, kila mguu ukikaa chini fremu 3. Mbele kulia ndio unaoondoka mwisho, fremu ya 10, na kuanzia hapo yuko hewani hadi mzunguko uanze tena. Mguu huo wa mwisho ndio kiongozi. Akikata kona kulia, kiongozi awe wa kulia, la sivyo ataonekana kama anayetaka kujikwaa.

Wakati yuko hewani miguu imekusanyika chini ya tumbo. Wachoraji wa zamani walimchora amenyoosha yote minne, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, hadi Eadweard Muybridge alipompiga picha farasi anayekimbia kwa mfululizo wa kamera huko Palo Alto mwaka 1878. Picha zilionyesha miguu yote iko juu kweli, lakini imekunjwa.

Mbwa wa mbio ndiye anayenyooka hivyo, naye hupaa mara mbili. Miguu yake huzunguka kama duara: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, mbele kushoto. Kwenye fremu 8, nyuma kushoto iko chini fremu ya 1 na 2, nyuma kulia ya 2 na 3, fremu ya 4 yuko hewani amenyooka. Mbele kulia iko chini ya 5 na 6, mbele kushoto ya 6 na 7, na ya 8 yuko hewani tena, safari hii amejikunja. Uliponakili farasi ulimnyima ule mpao wa fremu ya 4, na miguu ya mbele ukaipa zamu isiyo yake.

Kisha uti wa mgongo. Wa farasi ni mgumu, hukunjika zaidi pale kiuno kinapokutana na nyonga. Wa mbwa hukunjika wote. Fremu ya 8 upinde juu kama upinde wa mshale, miguu ya nyuma ikipita mbele ya ile ya mbele. Fremu ya 4 uuachilie unyooke hadi uzame kidogo. Kwa kuwa kila mpao una fremu moja tu, panga kazi hii kwa fremu 48 kwa sekunde, uone pozi zinavyoingia na kutoka, halafu ndipo uirudishe kwenye 24.